Wa Tatu Kule, wa Ishirini na Tisa Huku

Hapa London mimi huandaa orodha ya kampuni kubwa za Afrika kwa ajili ya jarida letu. Sisi tunazipanga kwa mauzo ya mwaka. Washindani wetu wanazipanga kwa thamani ya hisa zao sokoni. Orodha zikitoka, simu yangu haipumziki.

Mwaka huu alinipigia msemaji wa kampuni ya programu za kompyuta, Mtanzania mwenzangu.

"Dada, kwa wenzenu sisi ni wa tatu. Kwako wa ishirini na tisa. Tumekukosea nini?"

Nikamweleza kwamba mauzo yao ni madogo, ila wanunuzi wa hisa wanatarajia makubwa kutoka kwao. Muuza petroli anauza sana, faida kiduchu, kwa hiyo kwetu yuko juu na kule yuko chini.

Akauliza, "Sasa kwa kipimo gani tunakuwa wa kwanza?"

"Kwa simu za kulalamika," nikamjibu, nikakata.

Hasira zikanielekeza kwenye jalada la jarida letu lililotundikwa ukutani: *Jarida kubwa kuliko yote ya biashara ya Afrika*. Nikamuuliza mhariri wetu, kubwa kwa kipimo gani.

Akaniambia simu yangu inaita.