Zamu Yetu kwenye Mfereji wa Kambale

Chini ya kijiji chetu, kati ya Nyangwe na Kasongo, kulikuwa na ziwa dogo lililolishwa na mto Lualaba. Kiangazi lilibaki peke yake katikati ya matete. Mvua kubwa zilipoanza, mto ulipanda, maji yakaingia ziwani kwa mfereji mwembamba ambao mtu mzima aliweza kuuruka. Kambale walipita humo wakiwa na matumbo yaliyojaa mayai, wakisukumana, wengine migongo ikiwa nje ya maji. Walikwenda kuzaa kwenye majani yaliyofunikwa na maji. Siku hizo hata kipofu angeweza kuwavua.

Ndiyo maana siku hizo hakuna aliyeruhusiwa kuvua.

Haikuwa hivyo tangu zamani. Nilipokuwa bado nasoma kwa mapadri, alikuja mnunuzi na lori, akitafuta samaki wa kukaushwa kwa ajili ya wafanyakazi wa kambi ya madini. Wakati huo Bula Matari, yaani serikali ya Wabelgiji, alitaka kodi na kila mwanamume alikuwa na shamba lake la pamba la lazima, kwa hiyo lori lile lilipokelewa kama mgeni wa arusi. Watu wakaziba mfereji kwa migono, ile mitego mirefu ya kusuka ambayo samaki huingia asiweze kutoka. Mama yangu naye alitega. Kila mtu alisema lilelile: nikiwaacha mimi, jirani atawachukua. Na kweli, jirani aliwachukua. Miaka miwili baadaye tulitoa matope na vidagaa vya kujaza kiganja. Lori likaenda kutafuta ziwa lingine.

Hapo ndipo nyumba zote zilipokaa na kukubaliana. Maji yakianza kuingia, mfereji ni mwiko mpaka mto uanze kushuka. Pale penye kina, upande wa mitende, hapavuliwi kabisa, samaki wakubwa wabaki. Utupa, ile sumu ya majani, usiguse maji. Siku ya kufungua ni moja kwa wote, na kila nyumba itaingia na kikapu kimoja. Na kila nyumba ilinde mfereji kwa zamu, kwa sababu wanaume walikuwa kwenye pamba na kazi ya barabara, na mlinzi wa kulipwa hatukuwa naye. Asiyelinda havui. Zamu hizo ziligawanywa na fundi wa mitumbwi, mtu mfupi wa mzaha mwingi, ambaye hakuwa chifu wala ndugu wa chifu. Walimchagua, nadhani, kwa sababu alikuwa anagombana na kila mtu kwa kiasi kilekile.

Mama alikufa mwaka wa pili wa makubaliano hayo. Baba alikuwa ametangulia. Niliacha shule, nikabaki na wadogo zangu watatu, wa mwisho bado akibebwa mgongoni. Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa akituletea chumvi na mafuta ya mawese, na sitasema kwamba hakutupenda. Lakini alitaka kutugawa: wawili kwake, mmoja kwa shangazi kule Lusangi, na mimi niolewe. Nilikataa. Akaniambia, "Weye unakataa na nini? Watoto si nyumba. Nyumba iko na mutu mukubwa."

Nikaenda kwa fundi wa mitumbwi kuomba zamu.

"Utalinda na nani?" akauliza.

"Na wadogo zangu."

"Huyu wa mgongoni naye atapiga kelele mwizi akija?"

"Huyo ndiye anayepiga kuliko wote."

Akacheka mpaka akakohoa. Alinipa zamu na debe la kupiga, akisema nyumba zingine zitaamua baadaye kama tunahesabiwa kuwa nyumba.

Zamu yetu iliangukia asubuhi ambayo maji yalikuwa yameingia. Niliwasikia kambale kabla ya kuwaona, mchapo wa mikia kwenye majani. Jua lilikuwa limetoka. Mjomba akaja na mgono begani, hakujificha hata kidogo.

"Mutoto wa dada yangu," akasema, "geuka kidogo, uangalie mto."

"Mto nimekwisha uona, mjomba."

"Uangalie tena. Nitakuachia wawili wanene. Watoto hawajala nyama tangu lini?"

Wadogo zangu walikuwa wananitazama. Alijua vizuri kwamba hawajala.

"Mjomba, ukiutia majini nitapiga debe. Ukirudi nao sasa, ulipita kutusalimia tu."

"Chumvi unakula ya nani?"

"Yako, mjomba. Asante. Usiutie."

Akautia. Nilipiga debe mpaka mikono ikafa ganzi, na yule wa mgongoni akaanza kulia kwa sauti yote, kama nilivyoahidi. Wanawake walikuja mbio kutoka mashambani na majembe yao. Fundi wa mitumbwi akafika mwisho, akauinua mgono, akaufungua, kambale wakaporomoka kurudi majini.

"Bwana mkubwa," alimwambia mjomba, "umekuja kuwafundisha samaki kusuka?"

Watu wakacheka. Adhabu ya mara ya kwanza ilijulikana: mgono unatundikwa kwenye mti wa njiani hadi siku ya kufungua, na mkosaji anapika kuku kwa ajili ya walinzi. Akirudia, hukosa msimu mzima. Mjomba hakukataa kuku. Alikataa mlinzi.

"Nimekamatwa na nani?" akauliza. "Na watoto. Nyumba yao iko wapi? Kama si nyumba, hiyo si zamu. Na kama si zamu, mfereji ulikuwa wazi."

Alikuwa amesema mbele ya wote lile nililoogopa lisemwe. Kisha mke wa muuza mafuta, mama Mwislamu aliyekuwa amejifunga kitambaa chake vibaya kwa haraka ya kukimbia, akapaza sauti:

"Kumbe! Basi tuseme si nyumba, na kesho kila mutu alete mgono wake, aseme aliyemuona alikuwa mutoto, ao mujane, ao mugonjwa? Hapana! Huyu amelinda. Nyumba ni ile inayolinda. Muko na neno lingine?"

"Nyumba!" akajibu mmoja. "Iko nyumba!" wakajibu wengine, na majembe yakagonga chini. Fundi wa mitumbwi akamgeukia mjomba: "Umesikia. Umekamatwa na nyumba. Pika kuku."

Alipika. Lakini chumvi yake haikuja tena kwa muda mrefu. Katika wiki hizo nilikuta mara nyingi mlangoni chumvi iliyofungwa kwenye jani la mgomba, au mihogo, au chupa ndogo ya mawese. Sikumwona aliyeweka. Niliwashukuru wote, kwa kuwa sikujua nimwache nani.

Mto uliposhuka, siku ya kufungua, mjomba alikuwa kando yetu majini na kikapu chake kimoja kama sisi na chetu. Ziwa lilikuwa limejaa. Kambale walitupiga miguuni. Tulivua bila kuukaribia upande wa mitende. Kikapu chetu kiliponishinda kukiinua, mjomba alishika upande wa pili, tukakipandisha ukingoni pamoja. Kisha akawatazama wadogo zangu, waliojaa matope mpaka kwenye nyusi.

"Muwakaushe vizuri," akasema. "Moshi mwingi, moto kidogo. Nitakuja kuangalia kwenu."

Kwenu, alisema. Habari ya kutugawa hakuitaja tena, na wote wanne tulikulia chini ya paa moja.