Niliyoandika Juu ya Fundi wa Breki

Nilimpiga fundi wa breki ngumi ya mdomo mchana kweupe, mbele ya wateja wake, na damu ilipomtoka nilifurahi. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Mkono wangu ukiwa bado unauma, nilikaa juu ya tairi kuukuu nje ya gereji yake pale Voi, nikatoa simu na kuandika kwamba ni mwongo.

Sisi tunaoteremsha kabichi na nyanya kutoka Werugha tuna grupu yetu ya simu, madereva na wenye magari. Kati ya matangazo ya harambee na picha za maiti barabarani, kuna desturi moja tunayoiheshimu kuliko sala. Mtu akitoka gereji, anapiga safari kumi na mzigo, halafu anaandika mambo matatu tu. Je, fundi alisema kweli kuhusu ugonjwa wa gari? Je, bei ya mwisho ilikuwa ile aliyotaja mwanzo? Je, ugonjwa umerudi? Ukianza kuandika habari za ucheshi wa fundi unaambiwa ufute. Ugonjwa ukirudi kabla ya safari kumi, huhitaji kungoja, unaandika siku hiyohiyo. Fundi akipata majibu mabaya hapo, hata jirani yake hampelekei gari.

Pikapu yangu ilikuwa na pedali laini. Gereji moja mjini iliniambia silinda kuu ya breki imekufa, ninunue mpya, na bei waliyotaja ilinifanya niondoke bila kuaga. Nikaenda kwa huyu. Asili yao ni magharibi, babake aliletwa Voi na kazi ya reli, naye akazaliwa hapa na kubaki. Anaongea kidogo hadi unadhani amekununia. Alikanyaga pedali mara kadhaa, akaingia chini ya gari, akatoka.

“Masta yako iko sawa, boss,” aliniambia, akimaanisha ile silinda kuu. “Usinunue. Pedi zimeisha, na hii mafuta ya breki imezeeka, imevuta maji. Ikipata moto inachemka, pedali inaenda chini. Elfu nane na mia tano, na kazi.”

Saa sita mchana alinipigia nikiwa sokoni, kichwani nina gunia. Silinda ndogo ya gurudumu la nyuma ilikuwa inavuja, imelowesha viatu vya breki. Alinitumia picha. Alisema itafika elfu kumi na moja na mia tatu, na hataendelea bila neno langu. Nikamwambia, “Endelea, endelea.” Jioni alinipa vipuri vya zamani ndani ya mfuko wa nailoni nivione, akanishika bega, kitu ambacho hakuwa na kawaida ya kufanya.

“Ukitoka Wundanyi kuteremka Mwatate na mzigo, tumia gia ya pili. Usiweke fri. Wacha injini ishike gari.”

Nilimwitikia kama mtoto anavyomwitikia mwalimu. Fri ni pale gia isiposhika popote na gari linajiendea lenyewe kwa uzito wake. Sisi wa milimani tumelelewa hivyo. Petroli ni ghali, mteremko ni wa bure, na dereva anayeteremka injini ikinguruma gia ya pili anachekwa kwamba bado ana leseni ya kujifunzia. Mimi nilikuwa nikiweka fri kona ya kwanza na kuitoa nikifika chini kabisa, mguu juu ya breki njia nzima.

Safari ya nne, pedali ilizama. Ilizama moja kwa moja hadi kwenye sakafu, nikaipiga tena na tena kama mtu anayekanyaga nyoka, na gari likazidi kukimbia. Kulia ni bonde. Niliigongesha pikapu kwenye ukingo wa mlima upande wa kushoto. Chuma kilipiga kelele, kioo kikanimwagikia mapajani, paji la uso wangu likapiga usukani, na kabichi zikaanza kushuka barabarani zenyewe. Nilitoka nje. Nilikaa kwenye nyasi karibu saa moja. Nilipojaribu pedali tena, ilikuwa ngumu, nzima, kana kwamba haijawahi kunitupa.

Nikateremka hadi Voi na damu iliyokauka usoni, na kila kilomita hasira ilikuwa inapanda. Nilipofika sikusalimia. Nilimpiga.

Hakunirudishia. Alitema damu, akaleta jeki, akafungua gurudumu la mbele. Akanionyesha diski. Ilikuwa imegeuka rangi, bluu kama kisu kilichosahaulika motoni. Pedi, ambazo zilikuwa mpya wiki ile, zilikuwa zinang’aa kama kioo. Akafungua kikopo cha mafuta ya breki, kimejaa hadi alama ya juu.

“Ingekuwa inavuja, hii ingepungua,” alisema huku mdomo ukivimba. “Na pedali haingerudi. Hii imechemka. Ulishuka na gia gani, boss?”

“Ya pili,” nilisema.

Alianza kulirudisha gurudumu. Mimi nikaenda kwenye lile tairi na kuandika. Kwanza: alisema silinda kuu ni nzima, na breki zimenipotea mlimani nusura nife. Pili: alitaja elfu nane na mia tano, nikalipa elfu kumi na moja na mia tatu. Tatu: tatizo limerudi safari ya nne. Someni tena. Hakuna neno hata moja la uongo hapo, na yote ni uongo. Sikutaja simu yake ya mchana. Sikutaja diski. Niliona haya kuandika fri mbele ya madereva, ingawa wote wanafanya, au labda kwa sababu hiyohiyo. Nikabonyeza, nikajisikia mwanamume.

Ndani ya grupu ile alikuwemo mama mmoja, mjane. Wiki tatu kabla tulikuwa tumembebea mumewe jeneza kwenye matope ya kwao. Gari lao lilipoteza breki kwenye kona zilezile, likabingirika bondeni, na mwili ulitolewa kwa kukatwa chuma. Gari lile lilikuwa limetengenezwa breki na fundi huyuhuyu, mwezi uliotangulia. Nilikuwa nalijua hilo wakati naandika. Nataka kusema sikulikumbuka, lakini nililikumbuka.

Asubuhi iliyofuata nilirudi gereji kudai pesa zangu. Nilikuwa nimesimama karibu na meza ya kazi wakati mjane alipoingia na kaka yake, mtu mpana anayepasua mawe ya kujengea. Kaka alikuwa na spana ya magurudumu. Hawakuuliza kitu. Pigo la kwanza lilimpata fundi mgongoni akiwa ameinama, akaanguka juu ya injini iliyokuwa wazi. Pigo la pili lilimpata mbavuni, na nilisikia sauti ambayo sijapata kuisahau, kama mtu akivunja kuni mbichi gotini. Mjane alivua kiatu chake mwenyewe na kumpiga fundi nacho kichwani, akilia, “Ulimwambia breki ni nzuri! Ulimwambia ni nzuri!” Mafundi wa gereji za jirani walikuja mbio, kisha mmoja akasema, “Huyu ndiye aliandikwa jana,” wakasimama. Mmoja wao hata aliongeza teke.

Kwa hiyo yalikuwa yamesambazwa hadi kwao. Wote walikuwa wamesoma.

Kaka alimwinua, akambamiza kwenye meza, akaukandamiza mkono wake wa kulia juu ya mbao. Fundi alinitafuta kwa macho. Jicho moja lilikuwa limeshafunga.

“Waambie,” alisema. “Waambie ulishuka na gia gani.”

Neno lenyewe ni fupi. Lilikuwa mdomoni tayari. Lakini mjane aligeuka kunitazama, na watu wote wakageuka, na nikaona kwamba nikilisema, spana ile itakuja kwangu. Nikanyamaza. Niliogopa kupigwa, basi, hakuna zaidi ya hapo. Spana ilishuka juu ya vidole. Ikashuka tena. Fundi hakupiga kelele mara ya kwanza. Alipiga ya pili, na kelele hiyo ndiyo iliyonitoa neno lile.

“Fri!” nilipayuka. “Niliweka fri! Alinikataza! Na bei aliniuliza kwanza, nikakubali mimi! Mwacheni!”

Kaka aliacha. Alitazama spana mkononi kama kitu alichopewa ashikilie kidogo. Kisha alinipiga nayo begani, nikaanguka, na hadi leo mkono huu hauinuki kupita sikio. Sikumlaumu wakati ule na simlaumu sasa. Mjane alivaa kiatu chake polepole, akatoka.

Nilimpeleka fundi hospitali kwa pikapu ileile aliyoitengeneza, nikiendesha kwa mkono mmoja, na breki zilishika vizuri kila nilipozigusa. Njiani aliniambia jambo moja tu, nipite kwenye matuta taratibu kwa sababu ya mbavu. Daktari aliokoa vidole viwili visikatwe. Lakini vidole hivyo, cha gumba na cha shahada, vilibaki havikunjiki, na mtu asiyekunja vidole hivyo hawezi kuanza kufunga nati mahali ambapo macho hayafiki, na karibu nati zote za breki ziko mahali hapo. Polisi walipokuja wodini aliwaambia ameangukiwa na injini. Nilimuuliza kwa nini. Akageuzia uso ukutani.

Jioni hiyo niliandika upya. Alisema kweli. Bei ilipanda kwa ruhusa yangu, kabla ya kazi. Tatizo halikurudi, nililirudisha mimi kwa kushuka na fri. Niliweka na picha ya diski. Watu wakaweka alama za vidole gumba, mmoja akauliza bei ya nyanya Mboghoni, na mazungumzo yakaendelea.

Simu ililia kabla sijaiweka chini. Alikuwa mjane.

“Nimesoma,” alisema.

Nikaanza kuomba radhi. Nilimwambia mimi ndiye niliyemdanganya, kwamba kama ningeandika kweli tangu mwanzo asingeenda pale na kaka yake, kwamba makosa yote ni yangu.

“Nyamaza kidogo,” alisema, bila ukali. “Mume wangu alikuwa anashuka na fri. Siku ile nilikuwa nimeketi hapo kando yake mpaka pale Wundanyi niliposhuka kununua unga. Nilimwona akiweka. Nilikuwa najua, baba. Tangu siku ya mazishi nilikuwa najua ni yeye mwenyewe.”

Nilisikia akivuta pumzi.

“Halafu wewe ukaandika.”