Barua ya Salvina kwa Dokta Anusuya

Salvina alikuwa mwaka wa pili wa stashahada ya maabara katika chuo kimoja mjini Moshi, na hakuwahi kukosa kipindi cha vitendo. Jumanne ile akakosa. Asubuhi baba yake, mzee Sirili, aliteleza kutoka kwenye ngazi akipogoa mti shambani Kibosho, akavunjika mguu. Barabara ilikuwa tope tupu. Salvina na majirani wakambeba kwa machela ya miti mpaka walipopata gari la kumpeleka hospitali, na plasta ya mguu ilipokauka ilikuwa saa tisa alasiri. Simu ya Salvina ilikuwa imeshazimika.

Kesho yake alikuta tangazo ubaoni: ripoti ya zoezi la Jumanne ikabidhiwe Ijumaa saa sita mchana. Asiyekabidhi, sifuri. Alama za kozi zisipotosha, huingii mtihani wa muhula.

"Chukua matokeo yangu," alinong'ona Fredy, aliyesoma naye. "Badilisha maneno tu."

"Kila mtu alipewa sampuli yake ya bakteria, Fredy. Madam ana orodha ya namba. Tutafukuzwa wote."

Akaenda maktaba. Barua ya kwanza aliandika kwamba aliugua. Akaisoma, akaichana. Ya pili ilikuwa na jina lake, namba ya usajili, jina la somo, kisha ukweli:

*YAH: OMBI LA KUONGEZEWA MUDA WA RIPOTI*

*Sikuhudhuria zoezi la Jumanne kwa sababu nilimpeleka baba yangu hospitali. Nakiri sikutoa taarifa siku hiyo. Kwa kuwa sina matokeo yangu, naomba kufanya zoezi na kundi lingine, kisha niongezewe siku tatu za kuandika ripoti. Nimeambatanisha nakala ya cheti cha hospitali.*

Mbele ya mlango wa Dokta Anusuya, mwalimu wa somo hilo, alisimama muda mrefu. Akabisha.

"Shikamoo, Madam."

"Marahaba. Leta."

Dokta alisoma bila kuinua macho. Akageuza cheti, akaangalia muhuri na tarehe.

"Mwakilishi wa darasa lenu ana simu. Kwa nini hukuazima simu ya mtu umpigie?"

"Nilichanganyikiwa, Madam. Baba alikuwa analia. Sijawahi kumwona akilia."

Dokta alichukua kalamu.

"Kundi B wanafanya kesho saa mbili. Utapewa sampuli mpya. Ripoti Jumatatu saa nne, si saa nne na dakika tano." Akaandika hayo pembeni mwa barua, akasaini. "Mpe mtunza maabara."

Alhamisi nusura achelewe kusuuza rangi kwenye kioo chenye sampuli. Lakini chini ya hadubini bakteria walionekana, zambarau, wamejikusanya kama vichala vya zabibu.

Ripoti ziliporudishwa aliogopa kuifungua yake. Jioni alimpigia baba.

"Nimepata kumi na tano, Baba."

"Kati ya ngapi?" aliuliza mzee Sirili.

"Ishirini, Baba, na mtihani nitaingia."