Baba Alivyopunguza Bei ya Serikali

Baba yangu alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuweza kumnyima ndugu. Mtu akija pale kwetu Lingeka, akasalimia vizuri, akakaa, akalia shida, basi ng'ombe katoka. Mwaka uliopita mdogo wangu wa kike alipata nafasi chuo cha uuguzi akaikosa, kwa sababu ada ilienda kwenye msiba wa binamu ambaye hata sura yake siijui. Nililia kwa hasira siku ile. Mdogo wangu hakulia, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Kwa hiyo alipopata nafasi tena, nilitoka Bariadi, ninakouza vitenge, nikaenda kumkabili mzee. Nilimwambia auze ng'ombe wengi wa zizini, abakize wachache, na hela akanunue hati fungani za serikali. Mteja wangu mmoja, mwalimu, alikuwa nazo. Unaikopesha serikali kwa miaka kadhaa, kila baada ya miezi sita inakulipa riba, na muda ukiisha inakurudishia hela yako. Ada ya kwanza ningelipa mimi. Zilizobaki zingelipwa na riba.

Baba aliuliza swali moja tu. "Ndugu akija kuniomba, nitazitoa?"

"Hutazitoa. Ukibanwa sana unaweza kuziuza soko la hisa, lakini si kwa kwenda dirishani asubuhi na kurudi nazo mchana."

Akacheka. Nikajua nimempata. Alichokipenda mzee wangu si riba. Alipenda kupata jibu la kuwapa watu: hela sina, ziko serikalini.

Akauza ng'ombe, akabakiza wanne, tukaenda benki Bariadi. Kijana wa pale alimsalimia baba kwa Kisukuma, "Mwangaluka baba," mzee akalainika. Kijana akachukua kitambulisho cha taifa, picha na namba ya akaunti, akamfungulia akaunti ya hati fungani, ile inayotunza kumbukumbu kwamba hati ni zako. Akatueleza kwamba Benki Kuu inatangaza mnada mapema, kwamba kuanzia milioni moja mtu anaingia, na kwamba bei inatajwa kwa kila shilingi mia ya hati. Mnada uliopita wa hati kama hizo bei ilikuwa juu kidogo ya mia.

"Sasa mzee, kuna njia mbili," akasema. "Ya kwanza, huandiki bei. Unasema kiasi tu, unauziwa kwa wastani wa bei za walioshinda. Watu binafsi wengi wanaifuata hii. Ya pili unataja bei yako mwenyewe, unashindana na mabenki na mifuko ya pensheni. Wanaanza na anayetoa bei kubwa, wanashuka mpaka kiasi wanachotaka kitimie. Ukiwa chini ya hapo, umekosa."

Baba akaegemea kiti. Niliiona ile sura, nikaanza kuogopa. Ni sura yake ya mnadani, ya siku za kununua madume, anapojifanya hata hamtazami mnyama anayemtaka.

"Andika themanini," akasema.

"Baba!"

"Nyamaza wewe. Mtu hanunui kitu bila kutaja bei. Umeona wapi?"

Kijana alitabasamu kwa adabu. "Mzee, hapa hakuna kuongeza. Ukishatuma umetuma. Hawakurudii kukuuliza una ngapi tena."

"Hata dalali wa ng'ombe husema hivyo hivyo," baba akajibu. "Bei ni moja, haipungui. Ukigeuka kuondoka anakushika shati." Akanigeukia. "Ukimwonyesha mtu una shida na ng'ombe wake, umekwisha."

Jamani! Nilimwomba, nikamkumbusha mdogo wangu, nikapandisha sauti mpaka mlinzi akachungulia. Hela ni zake na sahihi ni yake. Akaandika themanini, akasaini, akatoka nje anapiga mluzi. Wenzake njiani walipomuuliza alikotoka, akawaambia ametoka kupatana na serikali.

Jumatano ya mnada nilimpigia kijana wa benki mpaka nikajionea aibu. Jioni akapokea.

"Mama, matokeo yametoka. Mzee amekosa. Wa mwisho kupata alikuwa karibu na mia. Hela yenu tunaiacha kwenye akaunti yake ya kawaida."

Nilikaa chini kwenye marobota ya vitenge. Nilipomweleza baba kwenye simu, hakuelewa. Akauliza, "Wamesema niongeze shilingi ngapi?" Nikarudia. Akauliza tena. Nikamwambia, baba, hakuna mtu wa kukushika shati, imekwisha, mpaka mnada mwingine. Mzee aliyezeekea minadani, hajawahi kukutana na muuzaji asiyerudi kuongea.

Na habari ya ng'ombe kuuzwa ilikuwa imeshafika kila boma. Jumamosi nilikuwa Lingeka, na baba mkubwa akaja.

Huyu si mtu wa kukataliwa. Ni kaka yake baba, ndiye aliyemlea, na mwanaye alitaka kuoa. Alikunywa chai, akauliza mvua, akauliza choroko, kisha akasema mahari imepangwa na yeye amekuja kwa mdogo wake. Nilimtazama baba. Nilijua atasema nini, nimekisikia maisha yangu yote.

"Hela zipo benki," baba akasema. "Nilitaka kuzipeleka serikalini, nikakosa kwa ujinga wangu. Narudi tena. Ni za binti. Sikupi, kaka."

Nilidhani nimesikia vibaya. Mama alisimama mlangoni na sufuria mkononi, hasogei.

Baba mkubwa hakupaza sauti. Akamwonyesha mama kwa kidole. "Huyu ulimuoa kwa ng'ombe za nani?"

"Zako."

"Basi?"

Baba akainuka. Tukamfuata wote mpaka zizini. Walibaki wanne: mitamba miwili na madume mawili ya kulimia. Akafungua lango, akasema, "Wachukue hawa. Hela ya mtoto, hapana."

Mama akasema, "Yesu wangu!" Lingeka, mwanaume bila ng'ombe hata mmoja! Nilisubiri baba mkubwa akatae, aone haya, aache hata madume ya kulimia. Hakuacha. Aliwaswaga wote wanne, na hakuaga.

Mnada uliofuata baba hakutaja bei. Alipata kwa wastani, na kwa kuwa wastani ulizidi mia, thamani ya hati zake ikawa pungufu kidogo ya hela aliyotoa. Kijana wa benki alianza kumfafanulia. Baba akamwambia aendelee tu. Mdogo wangu akaenda chuo. Baba mkubwa hajakanyaga kwetu mpaka leo, na mimi bado sijui nimlaumu nani.

Riba ya kwanza iliingia wakati wa kulima. Nilikuwa nimekuja kusaidia, ujumbe wa benki ukaingia kwenye simu yake niliyokuwa nimeishika. Nilimkuta shambani ameinama na jembe la mkono, shati limelowa mgongo mzima, majirani wakipita na plau zao za ng'ombe wakijifanya hawamwoni. Nikamsomea kiasi. Akaniambia nisome tena.

"Mtumie mdogo wako," akasema, akaendelea kulima.