Barua ya Pili ya Rosalina

Nikikaa nipepete mchele wangu, mnakuja. Nikilala mchana kidogo, mnakuja. Tuandikie ya Rosalina, tuandikie ya kisima. Rosalina mwenyewe yupo hai, mdomo anao, tena mpana. Mbona hammwendei yeye? Mnamwogopa, semeni tu. Haya, nitaandika kwa mkono wangu huu wa jembe, na asiyependa herufi zangu afumbe macho.

Rosalina anakaa Chuno, nyumba ya tatu ukitoka kwenye mashine ya kusaga. Ni Mmakonde wa ng'ambo ya Ruvuma. Alivuka mto yeye na mumewe Mateus wakati wa vita vya kule, yeye kabeba chungu kichwani, Mateus kabeba sururu. Watu walikimbia na nguo, na kuku, na watoto. Mateus alikimbia na sururu. Wenzake walimcheka njia nzima. Mwaka themanini na moja sururu ileile ikachimba kisima nyuma ya nyumba yao, na toka siku hiyo hakijakauka hata kiangazi kimoja. Mateus amefariki, Mungu amrehemu, kisima kipo. Bomba pia lipo mtaani, lakini likiamka leo linalala kesho. Likilala, nyumba tisa zinateka kwa Rosalina, na yeye hukaa kwenye kigoda chake pembeni akiwagombeza wote: ndoo chafu hiyo, kamba usiiburuze chini, na wewe mwali, jana hukunisalimia.

Ndiyo maisha yake hayo. Ukimwondolea kisima, umemwondolea Mateus mara ya pili.

Sasa mwezi wa saba, tarehe tatu, mafundi wakaanza kuchimba shimo uwanja wa jirani. Mwenye uwanja ni Mustafa, aliyekuwa akimalizia nyumba ya wageni, vyumba kumi na viwili, kila chumba na choo chake. Shimo lilikuwa la kupokea maji machafu ya vyoo vyote, na walilichimba upande wa juu, kisima kikiwa chini yake. Rosalina alikwenda tarehe tano akamwambia fundi. Fundi akasema mwambie mwenyewe. Tarehe tisa akamwambia Mustafa, tena mlangoni kwake. Mustafa akasema, "Mama, mimi nimepewa ramani," akapanda pikipiki yake. Na bango likawa limeshawekwa: karibuni wageni, tunafungua tarehe moja Agosti.

Rosalina akarudi ndani, akafunga mlango, akatoa daftari.

Kusoma na kuandika alijifunza ukubwani, ngumbaro, herufi zake kubwakubwa kama vifaranga. Aliandika kutwa nzima. Hakumwonyesha mtu. Barua ikaenda kwa Yusufu, afisa afya wa kata. Mimi niliiona baadaye, na hivi ndivyo ilivyosema:

"Wewe Yusufu Myao mvivu umelala ofisini mate yanakutoka. Mustafa ni muuaji na mchawi. Shimo la mavi lipo ndani ya kisima changu. Mnataka kutumaliza mtaa mzima. Kama ndivyo njooni mnizike kabisa, sanda mnunue nyinyi, na iwe nzuri."

Mnaona kosa? Yeye hakuliona. Wamakonde na Wayao ni watani. Yusufu na Rosalina wakikutana njiani hutukanana hivyohivyo kila siku, wanacheka, wanaendelea na safari. Wakati wa msiba wa Mateus ni Yusufu huyohuyo aliyelala katikati ya njia akazuia watu wasipite hadi apewe kuku. Kwa hiyo Yusufu alipopokea barua alifanya kile ambacho mtani yeyote angefanya. Aliisoma kwa sauti, ofisi nzima ikashika mbavu. Kisha akachukua karatasi nyingine, akajibu: "Mtani, sanda iko tayari. Fanya haraka ufe, isije ikaliwa na mchwa."

Rosalina alisoma jibu lile amesimama. Akaketi. Mimi nilikuwepo, nilikuja na ndoo yangu chafu, wala hakuigombeza. Shimo lilikuwa limefika kifuani kwa fundi.

"Kacheka," akasema. "Nimemlilia, yeye kacheka."

Kesho yake akavaa kitenge chake cha kanisani, akaenda Chikongola kwa Modesta. Huyu Modesta ana duka la kuchapa barua na kutoa kopi, kompyuta moja, mashine moja, feni moja ya kelele. Baba yake alikuja na kazi ya bandarini kutoka Kyela, yeye kazaliwa hapahapa. Ana subira ya ajabu na watu wenye hasira, maana ndio wateja wake.

"Nichapie hii," Rosalina akasema, akalitandaza daftari mezani. Barua ileile alikuwa ameiandika upya humo, na habari za Mateus kaziongeza. "Herufi kubwa. Na pale penye muuaji upige mstari chini."

Modesta akasoma mpaka mwisho. Hakucheka.

"Bibi, nani amekufa?"

"Hajafa mtu."

"Basi muuaji atatoka wapi? Mustafa akiipata hii ataipeleka baraza la kata, utashitakiwa wewe kwa matusi. Kesi itakuwa ya mdomo wako, siyo ya shimo lake."

"Kwa hiyo ninyamaze!"

"Usinyamaze. Nataka afisa akisoma asipate mahali pa kucheka wala pa kukasirika. Abaki na shimo tu mbele yake." Modesta akavuta kiti. "Shimo lipo ndani ya kisima kweli?"

"Ni kama lipo ndani."

"Akija akakuta halipo ndani, hata yale ya kweli hatayaamini. Liko mbali kiasi gani?"

"Kamba ya kisima na nusu yake."

"Kamba ina urefu gani?"

"Pima saba. Nimeikata mwenyewe."

"Kwa mikono ya nani?"

"Kwa mikono yangu, kwani nilikopa?"

Modesta akamsimamisha katikati ya duka, mikono kainyoosha kama msalaba, akampima kwa rula toka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole. Wateja wawili waliokuwa wakingoja kopi wakageuka kutazama. "Tazameni vizuri," Rosalina akawaambia, "kesho mtasimulia mmeona ndege." Ikatoka mita moja na sentimita sitini. Modesta akapiga hesabu pembeni ya karatasi.

"Kama mita kumi na saba. Tutaandika takribani, na tutaandika tumepima kwa kamba. Wao waje na futi yao."

Basi wakakaa toka saa tatu hadi adhuhuri. Kila neno la hasira Modesta aliuliza: uliona nini? Mvivu likatoka, zikaingia tarehe mbili alizokwenda kulalamika na majibu aliyopewa. Mchawi likatoka, hakikuingia kitu. Mnataka kutumaliza likatoka, zikaingia nyumba tisa na watu arobaini na sita, Rosalina akiwahesabu kwa majina, hadi kichanga cha Mwajuma chenye siku nane.

"Weka wajukuu wa Salumu wameharisha juzi," akasema.

"Shimo limeshaanza kutumika?"

"Bado."

"Basi siweki. Halijawafanya kitu."

Rosalina akasonya. "We mtoto, barua yako imepoa kama uji wa jana. Atajuaje kuwa nina uchungu?"

"Akiona tarehe moja Agosti atajua. Akiona watu arobaini na sita atajua. Akiona nakala imekwenda kwa mtendaji wa kata, hapo ndipo atakaa sawasawa kwenye kiti."

Kisha Modesta akafuta kipande kimoja kwenye daftari, na Rosalina akainuka wima. Kilikuwa kipande cha Mateus, nusu ukurasa mzima: sururu, mto, vita, jinsi alivyokuwa akiimba chini ya shimo na sauti ikitoka kama ya jini.

"Umemfuta mume wangu!"

Feni ikalia. Wateja wakatazama viatu vyao.

"Nirudishie daftari langu," Rosalina akasema, mkono kaunyoosha. "Kama Mateus hamo, barua hiyo si yangu."

Modesta hakubishana. Alizisoma tena herufi zile za vifaranga. Akarudi kwenye kompyuta, akachapa, akamsomea polepole:

"Kisima hiki kilichimbwa mwaka 1981 na marehemu Mateus, mume wangu, na hakijakauka tangu hapo."

Rosalina akaisogelea kompyuta.

"Hiyo ni habari, bibi. Hakuna wa kuicheka, na hakuna wa kuibishia. Anakaa mwanzo kabisa."

"Mwanzo?"

"Mstari wa kwanza."

Rosalina akaketi, akapangusa macho kwa pembe ya kitenge, akasema jicho lina vumbi la barabara. "Soma yote sasa."

Modesta akasoma:

"YAH: OMBI LA KUKAGUA SHIMO LA MAJI MACHAFU KARIBU NA KISIMA. Kisima hiki kilichimbwa mwaka 1981 na marehemu Mateus, mume wangu, na hakijakauka tangu hapo. Kinatumiwa na nyumba tisa zenye watu 46. Tarehe 3 Julai jirani yangu alianza kuchimba shimo la maji ya vyoo vya vyumba kumi na viwili. Liko upande wa juu wa mteremko, takribani mita 17 kutoka kisimani kwa kipimo cha kamba. Nilimweleza fundi tarehe 5 na mwenye nyumba tarehe 9, kazi inaendelea. Vyoo vitaanza kutumika tarehe 1 Agosti. Maji yakishachafuka hatuna kisima kingine. Naomba mje kupima na kukagua kabla ya tarehe 25 Julai, na mnijibu kwa maandishi. Barua yangu ya kwanza niliiandika kwa hasira. Naomba hii ndiyo ishughulikiwe. Nakala: Mtendaji wa Kata."

"Neno lile la hasira umeliweka la nini?"

"Maana umesema anayo barua ile ya kwanza. Ukimwambia mwenyewe, hana la kukuambia."

Rosalina alitia sahihi yake, ikachukua nusu ya karatasi. Modesta akamfundisha: peleka nakala mbili, moja wapigie muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo nyumbani. Rosalina alisimama pale ofisini mpaka muhuri ukagonga.

Yusufu aliisoma mara mbili. Hakuna aliyeshika mbavu. Akauliza, "Mama, shimo limefika wapi?" Alisema mama, hakusema mtani. Siku ya pili yake alikuwa Chuno, futi ndefu mkononi, Mustafa nyuma yake na ramani. Wakavuta futi toka ukingo hadi ukingo. Mita kumi na sita na nusu.

"Pamekaribia zaidi ya ulivyoandika," Yusufu akasema.

"Hiyo futi yako imeingia maji," Rosalina akajibu.

Lakini Yusufu alikuwa ameshamgeukia Mustafa. Akamwambia umbali usipungue mita thelathini, tena shimo lisiwe upande wa juu wa kisima, na akamwandikia pale pale kwenye kitabu chake: shimo lifukiwe, lihamishiwe pembe ya chini ya uwanja, na vyoo visitumike kabla hajarudi kukagua. Mustafa akatazama ramani, akatazama kisima, akasema kwa aibu kuwa mchoraji hakuwahi kuja kuona. Nyumba ya wageni ilifunguliwa siku kumi baada ya tarehe ya bango.

Siku fundi alipotia koleo la mwisho la mchanga kwenye shimo la kwanza, Rosalina aliketi kwenye kigoda chake. Yusufu akapita.

"We Myao! Sanda yangu iko wapi?"

"Imeliwa na mchwa, mtani. Umechelewa kufa."

"Basi vuta maji. Ndoo tatu. Faini ya kunicheka."

Akavuta, afisa mzima na suruali ya pasi, na sisi tukashika mbavu. Barua ya kwanza Rosalina aliidai irudi. Anayo chini ya godoro. Ya pili, yenye muhuri, ameibandika ukutani kando ya picha ya Mateus.

Nimemaliza. Na wewe uliyenisumbua usiondoke mikono mitupu. Chukua kamba, kapime toka choo chako hadi kisima unachoteka, uniletee hesabu hapa kwangu. Usiniletee maneno.