Kabla ya Kumpigia Fundi

Nilimaliza chuo Dar es Salaam nikiwa na shahada, begi moja na tabia ya kuuliza kwa nini. Ajira haikuwepo. Baba mdogo akanichukua dukani kwake Karatu, kando ya barabara iendayo getini Ngorongoro. Alikuwa ametoka Kilimanjaro miaka mingi kabla, akaanza na genge la nyanya. Sasa aliuza maji, biskuti, betri na vinyago kwa watalii na madereva wao, na alikuwa amenunua mashine ya kisasa ya kaunta.

Mashine hiyo ilikuwa fahari yake. Kila kitu kilichouzwa kaunta kilionekana papo hapo kwenye kompyuta ya ofisini, nyuma ya duka, ambako yeye alikaa mlango umefungwa. Waya mmoja ulitoka kwenye mashine, ukaingia kwenye kiboksi cha plastiki chenye taa ndogo za kijani chini ya meza yake, na mwingine ukatoka hapo kwenda kwenye kompyuta.

Ila mara kwa mara mashine iliacha kutuma. Alama ya kijani chini ya skrini iligeuka nyekundu, na kule ofisini mauzo yakasimama kama vile duka limefungwa. Baadaye kidogo ilirudi yenyewe. Fundi wa Arusha aliitwa mara mbili. Mara zote mbili alikuta kila kitu kinafanya kazi, akanywa chai, akalipwa nauli na usumbufu, akaondoka akisema, "Tatizo ni mtumiaji."

Mtumiaji alikuwa dada wa kaunta, Mmbulu, mama wa watoto wawili, aliyelitumikia duka hilo tangu enzi za kikokotoo. Baba mdogo alianza kusema kwamba anachomoa waya makusudi ili auze asionekane.

"Ikitokea tena namrudisha kwao," aliniambia. "Kuna binti wa shangazi yako huko Rombo, anakaa bure tu."

"Umemwona akichomoa?"

"Fundi amesema."

"Fundi alimwona?"

"Wewe chuo walikufundisha ubishi tu?"

Kisha akanipa kazi. Nimwandikie yule dada ujumbe wa simu, wa kufuata mashine ikigoma, kabla fundi hajasumbuliwa tena. Yeye mwenyewe aliutunga pale pale: *Usiguse kitu. Niite.*

Nilikataa. Nilisema huo si utaratibu, hiyo ni amri ya mtu anayeogopa mashine yake. Nikampigia fundi nikamuuliza hatua moja baada ya nyingine. Ikiwa nyekundu, mauzo yanapotea? Hapana, yanakaa ndani ya mashine, yanasubiri, njia ikifunguka yanatumwa yenyewe. Basi kwa nini kila mtu anakimbilia kuizima? Akakohoa. Kwa nini tusianze na waya?

"Mdogo wangu," alisema, "unataka kuninyang'anya ugali?"

"Nataka kujua unakula ugali wa nini."

Alicheka, akanijibu yote. Niliandika hivi, na ujumbe ukagawanyika vipande vitatu kwa urefu:

*1. Alama nyekundu? Endelea kuuza. Mauzo yapo ndani ya mashine. Usifute kitu.*

*2. Shika waya wa mtandao nyuma ya mashine, usukume mpaka ulie tak.*

*3. Ingia ofisini. Taa za kiboksi zinawaka? Kama zimezimika, fuata waya wake wa umeme mpaka kwenye soketi, rudisha plagi. Subiri dakika mbili.*

*4. Kompyuta ya ofisini imewaka? Programu ya mauzo imefunguliwa?*

*5. Bado? Maliza risiti ya mteja, zima mashine ya kaunta, iwashe. Mara moja tu.*

*6. Bado? Mpigie fundi. Mwambie umefika wapi na taa zipi zinawaka.*

Baba mdogo alisoma kwenye simu yangu akiwa ameinua miwani.

"Namba tatu toa. Mtu wa kaunta haingii ofisini kwangu."

"Kiboksi kiko wapi?"

"Kwangu."

"Basi ataingia."

"Nimesema toa!"

Niliutuma ukiwa mzima, mbele yake. Simu ya yule dada ililia kule kaunta. Baba mdogo alinitazama kama mtu aliyepigwa kibao na mtoto wa kaka yake. Alisema siku mashine ikigoma tena tutaondoka wote wawili, mimi na mwanafunzi wangu.

Yule dada nilimwonyesha kila hatua. Alisoma, akarudia, akaniuliza jambo moja tu.

"Namba tatu, akinifukuza mlangoni?"

"Mwambie umetumwa na ujumbe."

"Ujumbe hautalipa ada ya watoto, kaka."

Ningeweza kurudi Moshi nikala kwa mama. Yeye hakuwa na pa kurudi ila shamba la mahindi la kaka yake.

Iligoma asubuhi moja ya Julai, ile baridi ya Karatu ya ukungu hadi kwenye vizingiti. Ofisini kulikuwa na wageni, mabwana wawili wa kampuni ya safari waliokuja kupatana bei ya maji ya watalii. Alama ikawa nyekundu. Yule dada alinitazama, kisha akaendelea kuhudumia foleni hadi wa mwisho, dereva aliyekuwa akinunua betri.

"Dada, mashine imekasirika," dereva alisema.

"Acha ikasirike, wewe chukua risiti yako."

Akasukuma waya mpaka ukalia. Nyekundu bado. Akajifuta mikono kwenye kitenge, akaenda kugonga mlango wa ofisi. Nilimfuata.

"Nini sasa?" baba mdogo aliuliza, kikombe mkononi.

"Mashine haitumi, bosi. Nimefika namba tatu."

"Tumeiona haitumi! Rudi kaunta. Tutaongea jioni."

Hakurudi. Alisema shikamooni kwa wageni, akapiga magoti chini ya meza. Kiboksi kilikuwa kimezima, hakina taa hata moja. Akaushika waya wake wa umeme, akaufuata kwa vidole ukutani, nyuma ya viatu vya bosi. Plagi ilikuwa imelala sakafuni. Kwenye soketi yake, ile moja tu iliyokuwa upande ule, ilikuwa imechomekwa plagi ya birika la umeme, na birika linachemka.

Alitoa kichwa chini ya meza.

"Bosi, nichomoe chai?"

Mgeni mmoja alicheka mpaka akatema yake. Mwingine aliuliza kama maji wanayopatana bei ni ya moto au ya baridi. Yule dada alichomoa birika, akarudisha plagi ya kiboksi, taa zikawaka kijani, na tukasubiri. Kisha mauzo yaliyokuwa yakisubiri yakaanza kushuka kwenye kompyuta, mstari kwa mstari, na betri za yule dereva za mwisho.

Kila mgeni, kila chai, kila nyekundu; chai ikiiva, plagi ya kiboksi inarudishwa. Na fundi naye alichemshiwa chai baada ya kumaliza kazi, si kabla.

Wageni walipoondoka, baba mdogo aliniita.

"Futa ile namba tatu kwenye simu yake."

"Sifuti."

"Ni duka langu."

"Na lile ni birika lako."

Mwisho wa mwezi nilipanda basi la Moshi, maana hakunihitaji tena. Binti wa Rombo hakuja. Yule dada alibaki kaunta, na mlango wa ofisi ukawa haufungwi, kwa sababu alikataa kugonga mara ya pili. Aliniandikia hivyo mwenyewe, kwa ujumbe mfupi, na kuongeza kwamba bosi sasa anachemsha chai kwa mkaa, nje, kwenye baridi.