Hatibu alilia, akadhani amefika

Saa moja asubuhi, machimboni Rwamgasa. Karasha la kusagia mawe ya dhahabu linanyamaza, na Hatibu Nuruddin anaingiza mkono hadi begani ndani ya pipa lake. Anakwangua kona kwa brashi, mara mbili, mara tatu. Paskalia, aitwaye pia Mama Doto, mwenye mawe hayo, anakinga kiroba.

Wasagaji wenzake wanamcheka. Kwa mazoea ya hapa, unga unaonasa kwenye kona ni wa msagaji. Huuosha baadaye akajipatia dhahabu iliyomo. Wajanja huacha mwingi unase. Hatibu alikuwa mjanja kwa miaka tisa.

"Ujira ni elfu kumi kwa siku," anasema bila kujitetea. "Unga wa kona ndio uliosomesha watoto."

Miaka miwili iliyopita, kwenye dhikiri, ibada ya kumtaja Mungu, ya tarika yake ya Kisufi huko Kambarage, Shinyanga, mambo yalimzidi. Alilia, akaanguka, akazinduka mwepesi, anampenda kila mtu. Siku tatu hakusikia njaa. Habari zikamtangulia machimboni, wachimbaji wakamwomba dua, naye, binadamu, akavimba kichwa. Akarudi kwa khalifa wake, kiongozi wa tarika, Mzee Nasibu, kuomba idhini ya kuongoza dhikiri Rwamgasa.

"Shikamoo, khalifa. Nadhani nimefika."

"Marahaba. Tangu siku ile, kazini umeacha nini?"

Jumanne tu iliyofuata dhikiri ile, Hatibu alikuwa amebakiza unga wa Mama Doto kwenye kona.

"Ile ilikuwa hali," khalifa akamwambia. "Mungu humpa amtakaye, kisha hali hiyo huondoka. Makamu, yaani daraja za njia yetu, huyapata kwa kujitahidi, na yakikaa yamekaa, hata ukiwa na njaa. Huendi makamu ya pili kabla hujatimiza haki za yale ya kwanza. Yako ya kwanza ni toba, na toba ina haki za watu. Nenda karudishe."

Idhini hakupewa. Alikwenda kukiri kwa Paskalia.

"Nilimtukana sana," anasema mama huyo. "Mimi Mkatoliki, mambo ya dhikiri siyajui. Ila nilikuwa nalala njaa kumbe dhahabu yangu anayo yeye."

Hatibu alimsagia bure miezi minne, hadi mwenyewe akasema wabeja, yaani asante kwa Kisukuma, yatosha. Wengine aliowachukulia unga bado anawatafuta.

Ile raha ya usiku wa dhikiri haijarudi. Inatia huruma anavyoisimulia, kama mtu anayemkumbuka marehemu.

"Nilidhani Mungu kanikasirikia. Khalifa akanikataza kuifukuzia. Akaniuliza, unamtaka Mungu au unataka utamu?"

Sasa anafundishwa makamu ya wara, kuacha kila chenye shaka, na unga wa kona ndio mtihani wake.

"Mkono umeacha," anasema. "Jicho bado linautamani."

Mwezi ujao atapanda basi kwenda Kambarage. Idhini haombi tena. Anataka kumwambia khalifa habari za hilo jicho.